Chati ya meneja inaanzia 90

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu mhasibu wa SACCOS huku Njombe, na naandaa ripoti ya mwaka ya mkutano mkuu. Meneja amenipa chati mbili tuziweke ukurasa wa mbele. Ya kwanza ni pau za asilimia ya mikopo inayorejeshwa kwa wakati, mhimili unaanzia 90. Ya pili ina mistari miwili, wanachama waliopata mafunzo ya fedha na akiba, kila mmoja na mhimili wake, na ukiitazama unaona kabisa kwamba mafunzo ndiyo yamepandisha akiba. Tarakimu zote ni za kweli, nimezihakiki mwenyewe, lakini moyo hautulii. Ile ya kwanza nilipoianzisha sifuri, meneja akasema "sasa hii haionyeshi kitu". Nizichore vipi?*

Marahaba. Meneja wako ana haki katika jambo moja: chati uliyoichora wewe kweli haionyeshi kitu. Ila ya kwake inaonyesha kitu ambacho hakipo. Tuanze na hiyo, kisha tuje kwenye mistari miwili, ambayo kwangu ndiyo yenye hatari zaidi.

Chukua rula uiweke juu ya chati ya meneja. Kwa tarakimu ulizonitumia, mikopo iliyorejeshwa kwa wakati ilikuwa asilimia 91.2 mwaka 2020, ikaja 92.0, 92.9, 93.5, hadi 94.6 mwaka 2024. Tuseme kwenye karatasi kila asilimia moja imechukua sentimita moja. Kwa kuwa mhimili umeanzia 90, pau ya 2020 ina urefu wa sentimita 1.2 na ya 2024 ina sentimita 4.6. Yaani ya mwisho ni karibu mara nne ya ile ya kwanza. Mwanachama aliyekaa safu ya nyuma hataziona namba zilizoandikwa pembeni. Ataona kipau kifupi na kipau kirefu, na atarudi nyumbani akisema marejesho yamekuwa mara nne.

Sasa chora kwa kipimo kilekile, lakini kuanzia sifuri. Utahitaji karatasi inayokaribia mita moja kwenda juu. Pau ya 2020 itafika sentimita 91.2 na ya 2024 itafika 94.6. Ukizibandika ukutani na kurudi nyuma hatua tano, hutajua ipi ni ipi. Alichofanya meneja ni kukata sentimita 90 za chini na kubakiza ncha. Ni sawa na kuwasimamisha watu wawili nyuma ya ukuta, mmoja akiwa amemzidi mwenzake vidole viwili, kisha ukawaonyesha watu vichwa tu vilivyochomoza.

Kuna hesabu ndogo ya kupima ukubwa wa udanganyifu wa namna hii, nami huifanya kabla ya kubishana na mtu yeyote. Tafuta ongezeko linaloonekana kwenye mchoro kwa asilimia, kisha uligawe kwa ongezeko lililomo kwenye data. Kwenye mchoro tumetoka 1.2 kwenda 4.6, ongezeko la asilimia 283. Kwenye data tumetoka 91.2 kwenda 94.6, ongezeko la asilimia 3.7. Gawanya, unapata 76 hivi. Chati ya haki inatoa jibu lililo karibu na 1. Ya kwenu imekuza mambo mara sabini na sita.

Usimkimbilie meneja na neno "uongo", lakini. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hata hakuigusa hiyo 90. Excel ina tabia yake: ikiachwa ijichagulie mwanzo wa mhimili, na ikaona tofauti kati ya thamani kubwa na ndogo haifiki takriban sehemu moja ya sita ya ile kubwa, inaacha sifuri na kuanzia juu zaidi, hata kwa pau. Tarakimu zenu zote ziko kati ya 91 na 95, kwa hiyo zimeingia moja kwa moja kwenye mtego huo. Ndiyo maana chati za namna hii zimejaa kwenye ripoti za watu wasio na nia mbaya hata kidogo.

Nami niliwahi kuwa mmoja wao. Miaka ya nyuma niliandaa mabango ya mradi mmoja wa maji, pau za kaya zilizounganishwa, mhimili umeanzia mahali ambapo programu ilipenda. Kwenye mkutano mzee mmoja akasogea mbele, akatoa peni mfukoni, akaipima pau ya kwanza, akahesabu inaingia mara ngapi kwenye ya mwisho. Mara tatu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mabomba yamekuwa mara tatu?" Yalikuwa yameongezeka kwa chini ya moja ya kumi. Nikamwambia asome namba za pembeni. Akasema, "Kama ni kusoma namba, picha umeileta ya nini?"

Sina jibu bora kuliko swali lake, kwa sababu pau huzungumza kwa urefu. Jicho linapoziona halitoi 90 kichwani. Linalinganisha kimo na kimo. Kwa hiyo pau lazima zisimame kwenye sifuri, na hapo sina msamaha. Wengine huweka alama ya msumeno chini ya mhimili kuonyesha kwamba umekatwa, au huandika tarakimu juu ya kila pau, wakidhani wameshajitakasa. Urefu unabaki palepale. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 ulijaribu hata kuwaonya watazamaji waziwazi kwamba mhimili umekatwa. Upotofu ukapungua, lakini haukuisha.

Mfano unaofundishwa sana ni wa televisheni ya Fox News ya Marekani, mwaka 2012. Walionyesha pau mbili za kiwango cha juu cha kodi ya mapato: asilimia 35 ya wakati ule, na asilimia 39.6 ambayo ingeanza Januari 2013 kama nafuu ya kodi ya enzi za Bush ingeachwa iishe muda wake. Mhimili ulianzia 34. Pau moja ikawa na kimo cha 1, nyingine 5.6. Ukizisimamisha kwenye sifuri, ya pili inaizidi ya kwanza kwa takriban moja ya nane tu. Tarakimu zote mbili zilikuwa sahihi, kama zenu.

Sasa turudi kwenye lalamiko la meneja, maana ni la msingi. Kutoka 91.2 hadi 94.6 si jambo dogo kwa chama cha akiba na mikopo, na chati ya pau ndefu tano zinazofanana inalificha. Dawa yake si kukata mhimili. Jiulize kwanza ni kitu gani hasa kimebadilika. Mlichokuwa mnapambana nacho miaka yote mitano ni mikopo inayochelewa. Basi chora hiyo. Toa kila tarakimu kwenye 100: unapata 8.8, 8.0, 7.1, 6.5 na 5.4. Ziweke kwenye pau, mhimili uanzie sifuri na uishie 10. Pau ya kwanza inakaribia juu kabisa, ya mwisho imepita nusu kidogo tu, na mteremko kati yake unaonekana hata kwa aliye mlangoni. Mwaka 2020 katika kila mikopo 100 karibu 9 ilichelewa. Mwaka 2024 ni 5 na kidogo. Ucheleweshaji umepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na safari hii jicho linaona kilekile kilichomo kwenye hesabu.

Usije ukaniambia kwamba huu nao ni ujanja, kwamba nimechagua upande unaopendeza. Ni kweli nimechagua upande. Kila chati inachagua. Tofauti ni kwamba hapa urefu wa pau unalingana na kitu kinachohesabika: mikopo iliyochelewa. Kinachobaki ni kuweka sentensi chini ya chati inayotaja na upande wa pili, kwamba marejesho kwa wakati yametoka asilimia 91.2 hadi 94.6. Na uwe macho na lugha: ucheleweshaji umepungua kwa asilimia 39, lakini marejesho *hayajaongezeka* kwa asilimia 39. Marejesho yameongezeka kwa pointi 3.4 za asilimia. Nimeona wenyekiti wakizichanganya hizo mbili kwenye hotuba, na ukurasa wa mbele ndio wanaousoma.

Kabla ya kuchapa hakikisha mambo mawili. Kwanza, ni asilimia ya idadi ya mikopo, au ya shilingi zilizokopeshwa? Mkopo mmoja mkubwa ukichelewa, idadi haitikisiki ila shilingi zinatikisika. Andika wazi kwenye kichwa cha chati. Pili, weka idadi ya mikopo yenyewe chini ya kila mwaka kwenye mhimili mlalo. Chama kikiwa na mikopo 250 mwaka wa kwanza, asilimia 8.8 ni mikopo 22. Kikifika mikopo 500, asilimia 5.4 ni mikopo 27. Asilimia imeshuka, na bado afisa mikopo anafuatilia watu wengi kuliko zamani. Zote mbili ni kweli na mkutano una haki ya kuzijua. Tena usiite mikopo hii chechefu isipokuwa ndivyo mlivyoihesabu. Kwa benki, mkopo huitwa chechefu ukipita siku 90 bila kulipwa, na "kuchelewa" kwenu huenda ni hata siku moja baada ya tarehe ya makato.

Sharti hili la sifuri linahusu pau. Mistari ni habari nyingine, kwa sababu mstari husomwa kwa mahali ulipo na jinsi unavyoinama, si kwa umbali wake kutoka chini. Joto la mgonjwa likitoka 37 hadi 39.5 ni homa kali. Lichore kuanzia sifuri na muuguzi ataona mstari uliolala. Chati ya dola kwa shilingi ni hivyohivyo, hakuna mtu anayesubiri dola ifike sifuri. Kwa hiyo mhimili wa mstari unaweza kuanzia popote panapoleta maana kwa anayesoma, mradi useme hivyo chini ya chati, kwa mfano "Mhimili wima unaanzia 36", na usiubane mlalo mpaka kilima kidogo kionekane mlima. Ukiona wewe mwenyewe unavuta kona ya chati ili mteremko uwe mkali, acha.

Tuje kwenye chati ya pili.

Waliopata mafunzo ni 120, 150, 210, 260, 300. Akiba, kwa milioni za shilingi, ni 410, 428, 447, 462, 480. Mhimili wa kushoto, wa mafunzo, unatoka 100 hadi 320. Wa kulia, wa akiba, unatoka 400 hadi 490. Ukihesabu kila nukta imesimama sehemu gani ya kimo cha chati, mstari wa mafunzo uko kwenye asilimia 9, 23, 50, 73 na 91. Wa akiba uko kwenye 11, 31, 52, 69 na 89. Ndiyo maana imeshikana kama ngozi na ngoma. Lakini kilichoishikanisha ni zile namba nne za mwanzo na mwisho wa mihimili, na hizo hazikutoka kwa mwanachama yeyote. Amezichagua mtu, au programu.

Jaribu mwenyewe dakika mbili. Fungua faili, mhimili wa kulia uupe 0 hadi 500, wa kushoto uuache. Mstari wa akiba unapanda juu na kulala karibu sawa, wa mafunzo unapaa kutoka chini. Sasa fanya kinyume: kushoto 0 hadi 1,000, kulia 400 hadi 490. Akiba inapaa na mafunzo yamelala chini. Data haijaguswa, na tayari una hadithi tatu: vimeenda pamoja, mafunzo mengi akiba haisogei, akiba imepaa bila mafunzo. Chati inayoweza kusema mambo matatu yanayopingana kwa data ileile si ushahidi wa lolote kati ya hayo. Na pale mistari inapokatana, ambapo watu hupenda kunyooshea kidole, hapana maana yoyote. Watu 250 hawawezi "kuzidi" shilingi milioni 460.

Kisa kinachojulikana zaidi cha aina hii kilitokea kwenye Bunge la Marekani, Septemba 2015. Mbunge Jason Chaffetz alimwonyesha Cecile Richards, aliyekuwa rais wa shirika la afya ya uzazi la Planned Parenthood, chati yenye mishale miwili. Mmoja ulikuwa wa uchunguzi wa saratani na kinga, uliotoka 2,007,371 mwaka 2006 ukashuka hadi 935,573 mwaka 2013. Mwingine ulikuwa wa utoaji mimba, uliotoka 289,750 ukapanda hadi 327,000. Mishale ilikatana katikati, na ule wa 327,000 ukaishia juu ya ule wa 935,573. Chati haikuwa na mhimili wima hata mmoja. Kila mshale ulikuwa na kipimo chake kilichofichwa, na aliyetazama hakuwa na njia ya kujua.

Weka misimamo ya pande zote mbili kando, uangalie kuchora tu. Kwenye mhimili mmoja wa kuanzia sifuri, mstari wa uchunguzi unashuka kwa zaidi ya nusu, na bado unaishia karibu mara tatu juu ya ule mwingine, ambao umepanda kidogo. Mistari haikaribii kukatana. Aliyetaka kuuliza kwa nini uchunguzi umepungua angekuwa na swali zito mkononi, na mchoro wa haki ungemsaidia. Kwa kuchora mkato ambao haupo, mjadala wote ukahamia kwenye chati.

Hapo kulikuwa na unafuu mmoja: vitu vyote viwili vilikuwa hesabu za huduma, vinakaa kwenye mhimili mmoja. Vyenu ni watu na shilingi, haviwezi. Njia ya kwanza ambayo kila mtu hupendekeza ni fahirisi: mwaka wa kwanza unauita 100 kwa kila mstari, kisha kila mwaka unaofuata unaupima kwa huo. Kama miaka iko safu ya A, mafunzo B na akiba C, na data inaanzia mstari wa pili, andika hivi kwenye D2 na E2, kisha uvute hadi chini:

```
=B2/B$2*100
=C2/C$2*100
```

Mafunzo yanakuwa 100, 125, 175, 217, 250. Akiba inakuwa 100, 104, 109, 113, 117. Zichore kwa mistari kwenye mhimili mmoja, na ile ngozi na ngoma inaachana: waliopata mafunzo wamekuwa mara mbili na nusu, akiba imeongezeka kwa asilimia 17. Hii ni picha ya haki zaidi, lakini nayo ina kona yake. Mwaka wa kizio, yaani ule ulioitwa 100, ukiwa wa ajabu, kila kitu kinapotoka. Mwaka 2020 ulikuwa wa korona. Kama mafunzo yalipunguzwa mwaka huo, basi 250 yenu inapima kwa sehemu jinsi 2020 ilivyokuwa mbaya. Tazama 2019 ilikuwaje. Kama ilifanana na 2020, endelea. Kama ilikuwa juu sana, anza fahirisi 2019, au fuata njia ya pili.

Njia ya pili ndiyo ningeitumia kwa ripoti ya mkutano mkuu, maana wanachama wengi hawajazoea fahirisi na hutakuwepo kumfafanulia kila mtu. Chora chati mbili ndogo, moja juu ya nyingine, zenye upana mmoja, miaka ya juu ikiwa imenyooka na miaka ya chini. Ya juu ni pau za waliopata mafunzo, sifuri hadi 350. Ya chini ni akiba, sifuri hadi 500. Kila moja ina kichwa chake na kipimo chake, na hakuna mstari unaogusa wa mwenzake. Anayetaka kulinganisha mwaka na mwaka atashuka kwa jicho. Anayetaka kusema kimoja kimesababisha kingine itabidi aseme kwa mdomo wake, chati haitamsemea.

Na hapo kwenye akiba kuna jambo ambalo chati ya meneja ililifunika kabisa, ambalo mkaguzi akiwa mkali ataliuliza. Milioni 480 za 2024 si shilingi zilezile za 2020. Mfumuko wa bei wa Tanzania ulikuwa wastani wa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Zidisha 1.037 kwa 1.043 kwa 1.038 kwa 1.031, unapata takriban 1.157. Gawanya 480 kwa hiyo: ni kama milioni 415 za 2020. Mlianza na 410. Kwa thamani halisi akiba yenu imeongezeka kwa asilimia moja hivi katika miaka minne. Kisha gawanya kwa idadi ya wanachama wa kila mwaka, ambayo hukuniandikia. Kama wanachama wameongezeka, akiba halisi ya kila mwanachama huenda imeshuka. Sisemi imeshuka, nasema hiyo ndiyo tarakimu ya kuitafuta usiku huu kabla ya kuchora chochote.

Kwa hiyo, je, mafunzo yamesaidia? Nukta tano zinazopanda pamoja haziwezi kujibu. Kitu chochote kinachopanda mwaka hadi mwaka kitaonekana kupanda pamoja na akiba, hata idadi ya pikipiki mjini. Lakini wewe una kitu ambacho watafiti wengi hawana: daftari la mahudhurio na leja ya kila mwanachama. Chukua waliohudhuria 2022, wapate akiba yao ya mwezi kwa mwaka mzima kabla na mwaka mzima baada. Chukua ambao hawajahudhuria mpaka leo, miezi ileile. Kama waliohudhuria walitoka elfu 30 hadi elfu 36 kwa mwezi, na wasiohudhuria nao walitoka elfu 28 hadi elfu 34, basi wote wameongeza elfu sita na mafunzo hayajaonyesha kitu. Kama wa kwanza wameongeza elfu sita na wengine elfu moja, hapo una jambo la kusema. Hata hivyo useme kwa adabu, maana anayejitokeza kwenye mafunzo ya fedha Jumamosi asubuhi mara nyingi ndiye aliyekwisha kuamua kuweka akiba.

Kwa Excel, hatua zenyewe ni fupi. Bofya mara mbili kwenye mhimili wima, upande wa kulia utafunguka `Format Axis`. Chini ya `Axis Options`, kwenye `Bounds`, kisanduku cha `Minimum` andika 0 mwenyewe hata kama tayari kinaonyesha 0. Kikiwa na neno `Auto` pembeni, programu bado ndiyo inayoamua, na mwakani ukibadilisha data inaweza kuruka hadi 90 bila kukuambia. Ukishaandika, neno hilo hubadilika kuwa `Reset`. Hapo namba imefungwa. Kuondoa mhimili wa pili, bofya mstari husika, ingia `Format Data Series`, na kwenye `Plot Series On` uchague `Primary Axis`. Usiishie hapo, maana hesabu za watu na milioni za shilingi zimewekwa kwenye kipimo kimoja. Kata mstari mmoja, uuweke kwenye chati yake.

Kichwa cha chati ya kwanza kiwe "Mikopo iliyochelewa kurejeshwa, asilimia ya mikopo yote, 2020–2024". Kwa akiba weka pau za thamani halisi, na mstari mwembamba wa nukta wa thamani ya kawaida juu yake. Vyote ni shilingi, kwa hiyo vinakaa kwenye mhimili mmoja bila taabu. Sentensi ya maelezo iwe tu: akiba imefika milioni 480, ukiondoa mfumuko wa bei, ni ongezeko la takriban asilimia moja tangu 2020.

Kwa meneja, peleka ile ya mikopo iliyochelewa kwanza, ikiwa imechapwa, akiwa ametulia. Atakuwa amepata picha inayoonyesha kitu, ambayo ndiyo aliyoiomba. Ile ya akiba mpelekee baada ya hapo, pamoja na tarakimu za wanachama. Akisisitiza mihimili miwili, mwombe akae kwenye kompyuta yako abadilishe namba za mhimili wa kulia kwa mkono wake mwenyewe, aone mistari ikihama.

Ukipata idadi ya wanachama ya kila mwaka niandikie, tuangalie ile akiba kwa kila mtu.